Waliojisajili 412, walionunua 2: chujio la webina liwekwe wapi?

*"Ninaendesha mafunzo ya Excel na ripoti kwa watu wa uhasibu. Nimefanya webina 3 za bure kwenye Zoom, nikazitangaza kwa kulipia Facebook, pia LinkedIn na kwenye makundi ya WhatsApp. Ya mwisho niliiita 'Jifunze Excel Bure na Upate Cheti'. Walijisajili 412, wakaingia 96, na waliojiunga na kozi ya kulipia ni 2. Nikiwapigia simu, wengi wanaulizia cheti au slaidi, na wengine hawakumbuki hata kama walijisajili. Niongeze bajeti ya matangazo, nibadilishe siku na saa, au niachane na webina kabisa?"*

Bajeti usiiguse kwanza. Tangazo lako lilifanya kazi uliyolituma. Liliahidi vitu viwili, bure na cheti, likakuletea watu 412 wanaovitaka hivyo viwili. Yule mhasibu ambaye kila mwisho wa mwezi analala ofisini kwa sababu ya ripoti, na ambaye ndiye angelipia kozi, hakuona popote kwamba anazungumziwa yeye. Akapita zake.

Kuingia 96 kati ya 412 ni chini ya robo. Ni kidogo, lakini webina ya bure kukosa nusu ya waliojisajili, hata zaidi, ni jambo la kawaida, kwa hiyo namba hiyo peke yake isingenipa wasiwasi. Kilichonishtua ni hao wasiokumbuka. Mtu anasahau alichojisajili wiki iliyopita pale tu kujisajili kwenyewe kulipokuwa hakumgharimu chochote, na hapo nina swali: ulitumia ile fomu ya ndani ya Facebook, inayofunguka bila kumtoa mtu kwenye Facebook? Fomu hiyo hujaza yenyewe jina, barua pepe na namba ya simu kutoka kwenye akaunti. Mtu anabonyeza mara mbili, keshajisajili. Mara nyingi barua pepe yenyewe ni ile aliyofungulia akaunti miaka mingi nyuma na haisomi tena, kwa hiyo hata vikumbusho vyako vinaishia kwenye sanduku lisilo na mwenyewe. Ukiendelea nayo, kwenye aina ya fomu acha `More volume` uchague `Higher intent`, ambayo humwonyesha mtu majibu yake na kumtaka athibitishe kabla ya kutuma. Bora zaidi ni kumpeleka kwenye ukurasa wako wa kujisajili aandike mwenyewe.

Kuna jambo la pili linalofanyika nyuma ya pazia, na ndilo linalofanya bajeti kubwa izidishe tatizo. Mfumo wa matangazo hujifunza kutokana na tukio unaloliita mafanikio. Ukiuambia kwamba mafanikio ni mtu kujaza fomu, unatazama waliojaza kwanza, kisha unawatafuta wanaofanana nao. Kama waliotangulia ni wawindaji wa vyeti, kesho utaletewa wawindaji wa vyeti wengine, tena kwa bei nafuu, na wewe utafurahi kuona gharama ya kila aliyejisajili inashuka. Namba hiyo ndiyo inayowapoteza wengi. Mtu aliyejisajili bado ni jina tu. Kwa biashara yako, mteja mtarajiwa ni mtu anayefanya kazi ya hesabu, mwenye tatizo ambalo kozi yako inalitatua, mwenye haja nalo sasa, na anayelipa mwenyewe au anayeweza kumfikia anayelipa.

Chujio la kwanza, basi, liko kwenye kichwa cha somo. Chukua kazi moja ambayo mwanafunzi wa kujifurahisha hana, ila mhasibu anayo. Mfano: kampuni ina matawi 6, kila tawi linatuma faili lake la mauzo mwisho wa mwezi, na mtu mmoja makao makuu anakaa kunakili na kubandika hadi usiku. Kichwa chako kiwe: "Faili 6 za matawi, ripoti 1: unganisha mauzo ya mwezi bila kunakili na kubandika". Chini yake andika: "Kwa wahasibu na wasimamizi wa fedha wanaokusanya faili kutoka sehemu zaidi ya moja. Unahitaji kuwa unatumia Excel kazini." Sentensi hiyo ya mwisho itakupunguzia waliojisajili kwa kiasi kikubwa. Iache ifanye kazi yake.

Neno "cheti" litoe kabisa. Cheti cha kuhudhuria saa moja hakina uzito kwa mwajiri, na kinavuta watu wanaokusanya vyeti. Kiweke kwenye kozi ya kulipia, baada ya zoezi la mwisho. Neno "bure" liandike mara moja, chini, karibu na tarehe.

Chujio la pili ni fomu. Umeshaambiwa bila shaka kwamba fomu ndefu hufukuza watu. Ni kweli, hufukuza, na swali ni nani anayefukuzwa. Mtu mwenye faili 6 zinazomsumbua hatashindwa kujibu maswali manne. Baada ya jina, barua pepe na namba ya simu, uliza haya: unafanya kazi gani kwa sasa (weka machaguo: uhasibu, fedha, ukaguzi, mmiliki wa biashara, mwanafunzi, nyingine), ripoti ya mwezi inakuchukua siku ngapi kuikamilisha, ukihitaji mafunzo nani hulipia (mimi, kampuni, sijajua), na moja la kuandika kwa maneno yake, "Ni sehemu gani ya ripoti inayokula muda wako zaidi?" Hilo la mwisho lina thamani kuliko mengine yote. Aliyeandika "matawi wananitumia majina ya bidhaa tofauti tofauti" amekuambia la kumwambia ukimpigia. Aliyeandika "zote" au nukta tu naye amejieleza.

Weka pia kisanduku cha ridhaa cha kutumiwa ujumbe baada ya webina, kikiwa kitupu ili mtu akitie alama mwenyewe. Sheria nyingi za ulinzi wa data zinataka ridhaa ya wazi, na mtu aliyekubali hashangai ukimpigia.

Ukiwa na ukurasa wako mwenyewe unaweza kuurekebisha ule mfumo wa matangazo ili ujifunze kwa watu sahihi. Pikseli ya Meta, yaani msimbo mdogo wa wenye Facebook unaobandikwa kwenye ukurasa wako, inatambua matukio kadhaa yenye majina maalumu. Tumia moja kwa kila aliyejisajili, na jingine kwa wale tu ambao majibu yao yanaonyesha ni wateja watarajiwa; hapa `kazi` na `siku` ni majibu yaliyosomwa kwenye fomu yako:

```
fbq('track', 'CompleteRegistration');
if (kazi !== 'mwanafunzi' && siku >= 3) {
  fbq('track', 'Lead');
}
```

Kisha kampeni uielekeze kwenye `Lead`. Tahadhari moja: Meta wenyewe wanasema kila kundi la tangazo linahitaji matukio kama 50 kwa wiki ndipo mfumo utulie kwenye kujifunza. Kama bajeti yako italeta `Lead` 10 tu kwa wiki, mfumo utabaki unabahatisha. Hapo rudi kwenye `CompleteRegistration`, na uache kichwa cha somo na fomu vichuje. Biashara nyingi ndogo za mafunzo ziko kundi hili, na si vibaya.

Kila njia iwe na linki yake, kwa sababu mkia wa linki ndio utakaokuambia baadaye nani alitoka wapi:

```
?utm_source=linkedin&utm_medium=posti&utm_campaign=matawi6
```

Kwenye LinkedIn na WhatsApp usibandike bango la tangazo peke yake. Weka picha mbili za skrini: faili za matawi zilivyo kabla, na ripoti moja baada. Mwenye tatizo hilo ataitambua picha kabla hajasoma neno. Anza kutangaza siku 10 hivi kabla. Wiki nne kabla ni mbali mno, mtu anajisajili kwa nia njema kisha kalenda inamzidi.

Kuhusu siku na saa uliyoulizia: kwa wahasibu epuka siku za kufunga hesabu, yaani mwisho wa mwezi na mwanzo wake. Katikati ya mwezi, siku ya kazi, saa ambayo mtu yuko mbele ya kompyuta. Zaidi ya hapo, kubadili saa hakutakuokoa.

Vikumbusho vitatu vinatosha. Cha kwanza papo hapo, kikiwa na faili la `.ics` ili tarehe iingie kwenye kalenda yake. Cha pili siku moja kabla, na hiki kisiwe cha kukumbusha tu, kiombe kitu: "Kesho njoo na faili mbili za mwezi uliopita, zenye safu zilezile. Ukiona zina tatizo, nijibu hapa unieleze." Wachache watajibu. Waandike majina yao pembeni, maana mtu anayejibu kikumbusho yuko mbele ya wengine wote. Cha tatu, saa moja kabla, linki na sentensi moja.

Sasa webina yenyewe. Saa moja, na somo lichukue dakika 35 kati ya hizo. Fundisha jambo moja hadi likamilike, mtu aondoke nalo hata asiponunua chochote. Kwa mfano wetu: faili zote 6 ziwekwe kwenye folda moja, `Data`, `Get Data`, `From File`, `From Folder`, chagua folda, kisha unganisha. Mwezi ujao mtu anatupa faili mpya kwenye folda ileile na kubonyeza `Refresh All`. Lifanye polepole, mbele yao, kwa faili halisi.

Halafu waonyeshe linapoharibika. Chukua faili la tawi la nne ambalo kichwa cha safu kimeandikwa "Kiasi" na nafasi moja tupu mwishoni, isiyoonekana kwa macho. Unganisha. Safu ya kiasi ya tawi hilo inarudi `null`, yaani tupu, kuanzia juu hadi chini, na jumla ya kampuni inapungua bila Excel kulalamika. Litatue hapohapo, usiwafiche dawa. Lakini aliyewahi kupokea faili za matawi anajua kwamba hiyo ni moja kati ya nyingi: tarehe zilizoandikwa kama maneno, safu zilizounganishwa, mistari ya jumla katikati ya data. Kozi yako ya kulipia ndiyo inayoshughulikia hizo zilizobaki, na sasa anaiona haja yake mwenyewe. Wanaokosea hapa wako wa aina mbili. Kuna anayefundisha mambo 12 kwa kukimbia, watu wakatoka wamevutiwa na hawajui kufanya hata moja. Na kuna anayeongea dakika 50 kuhusu umuhimu wa data, kisha anataja bei.

Chujio la tatu ni kura ya maoni, dakika ya 40, somo likiwa limekwisha na watu bado wapo. Uliza: "Baada ya leo ungependa tufanye nini?" Machaguo matatu: *Nipigieni tuangalie faili langu kwa dakika 15. Nitumieni mtaala, tarehe na bei. Kwa leo inatosha.* Chaguo la tatu lazima liwepo, la sivyo wenye haya watabonyeza lolote na utapoteza wiki nzima ukiwapigia. Na angalia sana kwenye mipangilio ya Zoom: kura isiwe ya kuficha majina, na kujisajili kuwe kumewashwa. Ukiyasahau hayo mawili, mwisho wa webina utapata ripoti inayosema watu 14 wanataka kupigiwa simu, bila kukuambia ni akina nani.

Ofa yako itaje mambo manne tu: darasa linaanza lini, lina nafasi ngapi, mtu ataweza kufanya nini mwishoni, na bei. Bei itaje kwa sauti. Kuificha hadi kwenye simu kunakuletea mazungumzo mengi yanayoisha dakika ileile inapotajwa. Punguzo la "leo tu" silishauri kwa mafunzo ya kazini, kwa sababu anayelipiwa na kampuni hawezi kuamua siku hiyohiyo, na huenda yeye ndiye mteja wako mkubwa kuliko wote. Yeye umtayarishie barua ya ukurasa mmoja ya kumpelekea bosi wake: tatizo, saa zinazopotea kila mwezi, tarehe za darasa, gharama, na ankara ya profoma. Umempunguzia kazi ya kukuombea.

Kesho yake asubuhi pakua ripoti ya wahudhuriaji na utazame safu ya `Time in Session (minutes)`. Mtu ambaye mtandao ulimkata akarudi mara tatu ataonekana kwenye mistari mitatu, kwa hiyo jumlisha dakika zake kwanza, usije ukamhesabu kuwa alikaa dakika 8. Iweke ripoti hiyo kando ya majibu ya fomu na kura, kisha gawa mafungu matatu. La kwanza ni walioomba kupigiwa, na waliokaa hadi mwisho huku majibu yao ya fomu yakilingana na kozi. Hawa wapigiwe ndani ya saa 24. La pili ni walioomba mtaala, pamoja na wenye sifa ambao hawakutokea. Hao watumiwe rekodi siku ya pili, na swali moja. La tatu ni wengine wote: ujumbe mmoja wa asante na taarifa ya webina ijayo, basi.

Ukipiga simu usianze na "Ulionaje webina yetu?" Anza na maneno yake: "Uliandika kwamba matawi wanakutumia majina ya bidhaa tofauti tofauti. Ni matawi mangapi, na sasa hivi unayasawazishaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Dakika 15 zikiisha utajua kama kozi inamfaa. Ikiwa haimfai mwambie wazi. Pengine anachohitaji ni mtu wa kumtengenezea faili, au darasa la msingi kwanza.

Tuchukulie mfano wa kupigia hesabu tu. Kwa bajeti ileile wamejisajili 130 badala ya 412. Wameingia 58. Walioomba simu ni 14, mazungumzo yaliyofanyika 10, waliojiunga 4. Ukitazama gharama ya kila aliyejisajili, imepanda zaidi ya mara tatu na utadhani umeharibu. Ukitazama gharama ya kila aliyejiunga, imeshuka kwa nusu, na badala ya kupiga simu 412 umepiga 14. Kwa hiyo namba ya kuifuata, webina hadi webina, ni gharama ya kila mazungumzo yaliyofanyika na mtu mwenye sifa. Iandike kwa kila njia, ukitumia zile linki zako. Usishangae makundi ya WhatsApp yakikuletea watu wengi na mazungumzo machache, au kinyume chake. Lakini usiifute njia kwa webina moja. Mazungumzo mawili au matatu ni machache mno kutolea hukumu.

Vipi kuhusu kwenda moja kwa moja hewani Facebook au LinkedIn, bila Zoom wala kujisajili? Utawafikia watu wengi zaidi, na wataingia na kutoka. Utabaki na maoni na majina ya akaunti, bila namba ya simu wala jibu la fomu. Naitumia njia hiyo kama chambo tu: dakika 15, siku tano kabla ya webina, ukionyesha lile kosa la safu inayorudi `null` bila kulitatua, na linki ya kujisajili ikiwa kwenye maoni ya kwanza. Na kama unatarajia watu chini ya 40, fikiria kikao cha kawaida cha Zoom badala ya webina. Watu wanaonana, wanawasha sauti, wanaonyesha faili zao, na mauzo ya mafunzo hupenda hali hiyo.

Mambo matatu hayatatuliki kwa kusoma jibu kama hili. Pikseli ikionyesha `Lead` nyingi kuliko waliojisajili, au isionyeshe kabisa, kaa na mtu wa kiufundi upande mmoja wa meza mjaze fomu pamoja mkitazama matukio yanavyoingia. Mara nyingi ni msimbo uliobandikwa mara mbili. Kama unakusanya namba za simu za watu wa nchi zaidi ya moja, onana na mwanasheria anayejua ulinzi wa data asome fomu yako na maneno ya ridhaa. Na kama baada ya webina mbili za namna hii unapata mazungumzo 10 na watu wenye sifa zote na bado hakuna anayejiunga, acha kuhangaika na webina. Hapo shida iko kwenye kozi, bei au ratiba. Tafuta watano kati ya hao 10, keti nao ana kwa ana, uwawekee mtaala mezani, na uwaombe wakate kwa kalamu kila kitu ambacho wasingekilipia.